Rekoda Inapolia kwa Kukosa Diski

Rekoda ya kamera za ulinzi hulia pii, pii inapokosa diski ya kuhifadhia picha, au diski iliyopo inapoharibika. Kinachowadanganya wengi ni kwamba picha za wakati huo huendelea kuonekana kwenye skrini. Kamera zinaonyesha, lakini hakuna kinachohifadhiwa. Baadhi ya mafundi hutibu kelele kwa kuzima mlio kwenye menyu, na mwenye duka hugundua siku aliyoibiwa.

Chukua rekoda ya kamera nne iliyoanza kulia baada ya umeme kukatika na kurudi. Orodha ya diski kwenye menyu iko tupu. Hiyo peke yake haithibitishi kwamba diski imekufa. Rekoda huzimwa, huchomolewa umeme, kisha hufunguliwa. Diski ina waya mbili: mpana wa umeme na mwembamba wa data. Zote huchomolewa na kukandamizwa upya, kwa kuwa joto na mtikisiko huzilegeza. Waya wa data hujaribiwa mwingine, maana ni wa bei ndogo kuliko diski.

Kinachofuata ni adapta, na hapa hutupwa diski nyingi nzima. Diski kubwa ya inchi 3.5 huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, kisha mahitaji hushuka. Adapta iliyochoka huonyesha volti 12 kwenye mita ikiwa haina mzigo, lakini huzidiwa diski inapoanza. Sikio hutambua: diski huvuma, husita, huanza tena. Adapta ya kujaribia iwe na volti zilezile na ampea zisizopungua.

Katika rekoda hii adapta nyingine haikusaidia. Diski iligonga ka, ka, ka, na hata kwenye kompyuta haikuonekana. Hiyo ni ya kubadilishwa. Ingeonekana kwenye kompyuta, onyo la Windows la kutaka kuifomati lingekataliwa kwanza: mara nyingi Windows haisomi mpangilio wa rekoda, na kufomati hufuta kumbukumbu za picha ambazo huenda polisi wakazihitaji.

Diski mpya inafaa iwe ya kazi ya kamera, kama WD Purple au SkyHawk, zilizoundwa kuandika usiku na mchana, na ukubwa wake usizidi kikomo cha rekoda. Ikishafungwa, menyu huionyesha kama `Uninitialized`. Huchaguliwa `Init` au `Format`, na baada ya muda mfupi huwa `Normal`. Majina haya hutofautiana kidogo kwa kila rekoda. Kamera nne za megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaza takribani gigabaiti 86 kwa siku, hivyo terabaiti 1 hutosha siku 11 hivi. `Overwrite` ikiwa imewashwa, picha za zamani hufutwa zenyewe. Ikizimwa, siku ya 12 rekoda huacha kurekodi na huweza kuanza kulia tena.