Logi katika mtihani wa sekondari: hasi ya kukata na hasi ya kuacha

Logarithimu, au logi kama inavyoitwa darasani, ni kipeo kilichopewa jina jingine. Katika 2³ = 8, namba 2 ni kizio na 3 ni kipeo. Habari hiyohiyo ikianzia upande wa 8 huandikwa log₂8 = 3, yaani kizio 2 kinahitaji kipeo 3 ili kizae 8. Kuhama kutoka andiko moja kwenda jingine ndiko kunakoitwa kutumia maana ya logi. Hatua hiyo si kanuni ya ziada, ila bila yake hakuna swali la logi linalofika mwisho.

Kanuni za logi zinatokana na kanuni za vipeo. Namba mbili zenye kizio kimoja zinapozidishwa, vipeo vyake hujumlishwa: 2³ × 2² = 2⁵, sawa na 8 × 4 = 32. Kwa kuwa logi ni vipeo, log₂8 + log₂4 = log₂32, na kweli 3 + 2 = 5. Hiyo ni kanuni ya kuzidisha: log M + log N = log(MN). Kanuni ya kugawanya ni ndugu yake, log M − log N = log(M/N). Ya tatu, kanuni ya kipeo, husema log Mⁿ = n log M, nayo ni ile ya kuzidisha ikirudiwa mara n. Zote zinadai kizio kiwe kimoja, na M na N ziwe chanya. Sharti hili la mwisho husomwa haraka siku ya kufundishwa, kisha husahaulika, na swali lifuatalo huonyesha gharama ya kulisahau.

Mada hii hufundishwa katika shule za sekondari nchini Tanzania na Kenya. Karatasi zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini hoja iliyo nyuma ya kila mstari haibadiliki kwa lugha. Swali la kawaida ni hili: tafuta x ikiwa log₂x + log₂(x − 6) = 4.

Kwa kanuni ya kuzidisha, upande wa kushoto unakuwa log₂[x(x − 6)] = 4. Kwa maana ya logi, x(x − 6) = 2⁴ = 16. Mabano yakifunguliwa na 16 ikivushwa, unapatikana mlinganyo wa kipeo cha pili, x² − 6x − 16 = 0, ambao kwa kutafuta vigawo ni (x − 8)(x + 2) = 0. Kwa hiyo x = 8 au x = −2.

Wengi huweka kalamu chini hapo. Lakini 8 ikirudishwa katika swali, log₂8 + log₂2 = 3 + 1 = 4, sawasawa. Ikirudishwa −2, swali linadai log₂(−2), na hakuna kipeo kinachoweza kuifanya 2 izae namba hasi. Jibu ni 8 peke yake. Hesabu haikukosewa popote. −2 iliingia kwenye mstari wa kwanza kabisa, pale kanuni ya kuzidisha ilipotajwa. Kabla ya kuunganishwa, swali lilikuwa na logi mbili, na kila moja ilidai chanya chake. Baada ya kuunganishwa ilibaki logi moja ya x(x − 6), na (−2) × (−8) ni 16, namba chanya kabisa. Hasi mbili zilizidishwa zikapita mlango ambao kila moja peke yake isingepita. Ndiyo faida ya kuandika jina la kanuni pembeni ya mstari: jina hilo linakumbusha sharti lake, na linaonyesha ni wapi pa kurudi kuhakiki.

Kutokana na swali la aina hii, wanafunzi wengine huondoka na funzo la uongo kwamba kila jibu hasi hukatwa. Mlinganyo wa vipeo hulikanusha mara moja. Chukua 3(9ˣ) − 28(3ˣ) + 9 = 0. Vizio 9 na 3 vinaonekana tofauti, lakini 9 ni 3², hivyo kwa kanuni ya kipeo cha kipeo 9ˣ = (3²)ˣ = (3ˣ)². Hapa 3ˣ huitwa y, na mlinganyo unageuka kuwa 3y² − 28y + 9 = 0. Vigawo vyake ni (3y − 1)(y − 9) = 0, kwa hiyo y = ⅓ au y = 9.

Kosa la kawaida ni kuishia kwenye y, wakati swali liliuliza x. Kurudi nyuma, 3ˣ = 9 = 3², na kwa kuwa vizio ni sawa vipeo navyo ni sawa, x = 2. Vivyo hivyo 3ˣ = ⅓ = 3⁻¹ kwa kanuni ya kipeo hasi, x = −1. Ikihakikiwa, 9⁻¹ ni 1/9 na 3⁻¹ ni 1/3, hivyo upande wa kushoto ni 1/3 − 28/3 + 9, ambayo ni −9 + 9, yaani sifuri. Jibu −1 linabaki. Kipeo kina ruhusa ya kuwa hasi. Kisichoruhusiwa kuwa hasi ni kile kipeo hicho kinachozaa. Kama y ingetoka −9, hapo ndipo pa kukata, kwa sababu hakuna x inayofanya 3ˣ iwe chini ya sifuri.

Si kila mara vizio hukubali kufanywa kimoja. Katika 5ˣ = 12, namba 12 haiandikiki kama 5 yenye kipeo kizima, na hapa logi hutumika kama chombo. Logi ya kizio 10 huchukuliwa pande zote mbili: log 5ˣ = log 12. Kwa kanuni ya kipeo, x log 5 = log 12, basi x = log 12 ÷ log 5. Majedwali ya tarakimu nne yanatoa 1.0792 ÷ 0.6990, takribani 1.544.

Mstari huo wa mwisho una mtego. Anayeona logi juu na logi chini hukimbilia kanuni ya kugawanya na kuandika log 12 − log 5, akapata 0.3802. Lakini kanuni ya kugawanya inahusu logi ya mgawanyo, yaani log(12/5), si logi moja kugawanywa kwa nyingine. Kosa hilo hujulikana bila jedwali: 5¹ ni 5 na 5² ni 25, na 12 imo katikati, kwa hiyo x haina budi kuwa kati ya 1 na 2. Jibu la 0.3802 liko nje ya mipaka hiyo, ilhali 1.544 limo ndani.