Denia 15, denia 80: Namba ya kwenye pakiti ya stokingi inasema nini?

Kwenye pakiti ya stokingi kuna namba ambayo wanunuzi wengi huipita haraka, macho yakiwa kwenye picha ya miguu iliyochapwa mbele. Namba hiyo ni denia: 10, 15, 20, 40, 80. Wanaoijua huitumia kukisia kama stokingi itaonyesha ngozi au itaifunika, na mara nyingi hupatia. Tatizo ni kwamba denia hupima uzi peke yake. Haipimi kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo, wala haijui mguu utakaoingia humo. Ndiyo maana mtu hununua denia 40 nyeusi akitaka kujisitiri, akaivaa na kukuta magoti na mapaja yanaonekana wazi.

Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Chukua uzi wa kilomita tisa, uuzungushe kwenye kibonge na kuuweka kwenye mizani. Ukiwa na gramu 20, huo ni uzi wa denia 20. Kipimo hiki kilianzia katika biashara ya hariri, na uzi mmoja kama unavyotoka kwa kiwavi wa hariri una takriban denia moja. Pakiti nyingine, hasa za Ulaya, huandika dtex, yaani gramu kwa mita 10,000. Ukikuta dtex 22, ujue hiyo ni denia 20.

Kabla ya nailoni, stokingi nyembamba za kuvutia zilikuwa za hariri. Mwaka 1935 kikundi cha watafiti wa kampuni ya DuPont ya Marekani, kikiongozwa na mwanakemia Wallace Carothers, kilitengeneza nailoni, na Mei 1940 stokingi za nailoni zikaanza kuuzwa Marekani nzima. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, nailoni ilielekezwa kwenye miavuli ya askari na kamba, na wanawake wengine wakabaki kujipaka rangi miguuni na kuchora mstari nyuma ya mguu ili ionekane kama mshono wa stokingi. Nailoni ilipendwa kwa sababu uzi wake ulikuwa mwembamba na bado ulikuwa na nguvu. Baadaye iliongezwa spandeksi, uzi unaovutika na kurudi, na tangu hapo stokingi zikaacha kujikunja kwenye magoti na vifundo.

Sasa turudi kwenye namba. Kwa kawaida denia 5 hadi 10 ni nyepesi mno. Mtu aliye karibu ndiye anayegundua kwamba umevaa kitu. Denia 15 na 20 ndizo za ofisini na za sherehe: ngozi inaonekana, ila rangi yake imelainishwa na madoa madogo yamefifia. Denia 30 na 40 ziko katikati. Kuanzia 60 hivi ngozi huanza kufichika, na za 80 hadi 100 watu wengi huziita taiti, nazo huvaliwa zaidi palipo na baridi.

Ngazi hizi hazipandi kwa hatua zinazolingana, na hapo ndipo wengi hupotea. Denia ni uzito, na jicho linachoona ni upana wa uzi. Uzi ukiongezwa uzito mara mbili, upana wake hauongezeki mara mbili. Ili upana uwe maradufu, uzito lazima uwe mara nne: uzi wa denia 80 una upana mara mbili tu ya ule wa denia 20. Kwa hiyo kutoka denia 10 kwenda 20 utaona tofauti mara moja, lakini kutoka 80 kwenda 100 utaisikia kwenye joto kuliko kuiona kwa macho. Anayelipa zaidi kwa sababu ya denia 100 akidhani itafunika kuliko 80 huenda asipate alichokitafuta.

Stokingi mbili za denia moja pia zinaweza kutofautiana kabisa mkononi. Uzi wa denia 40 unaweza kuundwa na nyuzi chache nene, au na nyuzi nyingi ambazo kila mmoja hauzidi denia moja. Wa kwanza huwa mgumu kidogo na mara nyingi hung'aa. Wa pili ni laini kama pamba na mng'ao wake umetulia, nao hufunika vizuri zaidi kwa sababu nyuzi hutawanyika na kujaza nafasi. Mng'ao wenyewe hutegemea umbo la uzi na unga mweupe unaochanganywa ndani yake kiwandani ili kuupunguza. Mng'ao huvuta macho kwenye kila mwinuko wa mguu, kwa hiyo anayetaka miguu ionekane imetulia achague zisizong'aa.

Kwa wasomaji wetu wenye ngozi nyeusi kuna jambo ambalo pakiti haisemi. Stokingi nyepesi haina rangi yake kamili; rangi unayoiona ni mchanganyiko wa uzi na ngozi iliyo chini. Stokingi nyeusi ya denia 30 kwenye ngozi nyeupe huacha weupe upenye, mguu ukawa wa kijivu. Stokingi hiyohiyo kwenye ngozi nyeusi huonekana nzito zaidi, kwa sababu kinachopenya kati ya nyuzi hakitofautiani sana na nyuzi zenyewe. Mwenye ngozi nyeusi anayetaka kusitirika kwa rangi nyeusi mara nyingi hahitaji kupanda hadi denia 80; 40 au 50 humtosha, na hukwepa joto la bure la mchana.

Kinyume chake ni stokingi za "rangi ya mwili". Kwa miaka mingi viwanda viliita hivyo rangi ya mwili wa Mzungu. Uzi wa rangi hafifu ukipita juu ya ngozi nyeusi hurudisha mwanga kabla haujafika kwenye ngozi, na mguu uliopakwa mafuta vizuri ukaonekana umepauka, kana kwamba umepakwa jivu. Kushusha denia hupunguza kasoro hiyo lakini haiondoi. Dawa yake ni rangi: chagua inayolingana na ngozi ya mguu, au iliyo nyeusi zaidi kidogo, kamwe si hafifu zaidi. Usiilinganishe na uso wala kiganja, kwani miguu ya wengi ina rangi tofauti na sehemu hizo. Muuzaji akikuruhusu, ingiza mkono ndani ya sampuli hadi nusu ya mkono wa chini, tanua vidole, kisha utazame mlangoni penye mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya.

Sasa tumrudie yule mwenye denia 40 ambayo magoti yake yalionekana. Tuseme alinunua saizi ya mtu mfupi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, naye akaivuta hadi ikafika. Ikiwa kitambaa kilivutika asilimia 20 zaidi ya kilivyokusudiwa kwa urefu, na asilimia 20 kwa upana, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 44. Uzi ni uleule. Kila sehemu ya ngozi sasa ina uzi pungufu kwa karibu theluthi, na kwenye goti na paja, ambako mvutano ni mkubwa zaidi, upungufu unazidi hapo. Angechukua denia 60 katika saizi ileile, tatizo lingebaki, na kiuno kingeendelea kuteremka. Saizi sahihi ya denia 40 ingemfaa zaidi. Jedwali la urefu na uzito nyuma ya pakiti ndilo la kusoma kwanza. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Mvutano huohuo ndio unaofupisha maisha ya stokingi. Kitambaa chake hakifumwi kama kanga, kwa nyuzi zinazokatana. Hufumwa kwa vitanzi, kila kitanzi kikiwa kimezuiwa na kile kilichopita ndani yake. Kucha au msumari wa kiti ukikata uzi mmoja, kitanzi kilichokuwa kimezuiwa hapo huchomoka, kisha kinachokifuata, na baada ya hatua chache una mstari mrefu mguuni. Uzi wa denia 10 hukatika upesi, na stokingi iliyovutwa kupita kiasi hufumuka upesi kwa sababu kila kitanzi tayari kinavutwa. Ukiona tundu mapema, paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ncha zake zote mbili na uache likauke kabla ya kutembea. Kinga yake ni kuivaa kwa utaratibu: kunja mguu mzima wa stokingi hadi kidoleni, ingiza vidole, kisha uikunjue kidogo kidogo kwa ncha laini za vidole bila kuivuta kutoka juu. Kuifua, tumia maji ya vuguvugu na mikono, na uianike kivulini. Joto kali hulegeza spandeksi, na jua hudhoofisha nailoni.

Kuna vazi la miguu ambalo denia haina la kusema juu yake. Zile soksi pana zisizo na nyayo, ambazo wacheza baleti huvaa kutoka kifundoni hadi gotini ili misuli isipoe kati ya mazoezi, hufumwa kwa uzi mnene wa sufu au akriliki. Joto lake hutokana na hewa inayonaswa kwenye mifuto ya kitambaa, kwa hiyo iliyolegea kidogo hupasha kuliko iliyobana. Vilevile soksi za tiba za kubana miguu hupimwa kwa shinikizo, linaloandikwa mmHg. Taiti ya denia 100 inaweza kuwa nene na isibane kabisa. Mwenye mishipa iliyovimba, au aliyeshauriwa na daktari kuvaa soksi za kubana, asitumie denia badala ya kipimo hicho.

Kwa hiyo ukisimama dukani, anza na jedwali la saizi, kisha rangi inayolingana na mguu wako, na denia iwe ya mwisho. Na nyinyi mnaoleta bidhaa hizi nchini, agizeni kahawia zaidi ya moja na kahawia iliyokolea, kwa sababu wateja wenu hawana ngozi ya rangi moja.