Milimita Tatu Zinazoshika, Tano Zinazopwaya

Mtu aliyejifunza kuogelea Tanga, Mombasa au Unguja hana sababu kubwa ya kuiwazia baridi ya maji. Bahari yetu hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 29 hivi mwaka mzima, na kaptura inatosha. Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Cape Town hukutana na bahari ya tabia nyingine kabisa. Wanaotaka kuendelea kuogelea, kutazama samaki kwa snokeli au kuteleza mawimbini kwa ubao hujikuta dukani wakitafuta wetisuti, ile suti ya mpira inayobana mwili, na swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: ninunue ya milimita ngapi?

Unene una maana yake, na tutaufikia. Lakini nimewaona watu wenye suti nene wakitoka majini wakitetemeka, huku wenye suti nyembamba wakibaki ndani wakiendelea na mchezo. Tofauti yao ilikuwa namna suti ilivyowakaa mwilini, jambo ambalo bei yake haionekani kwenye lebo.

Cape Town ni mahali pazuri pa kujifunzia haya kwa sababu ina bahari mbili. Upande wa mashariki wa rasi iko Ghuba ya False, yenye ufuo wa Muizenberg ambako wengi huanzia kuteleza mawimbini. Wakati wa kiangazi cha huko, kuanzia Desemba, maji ya ghuba hiyo hufika nyuzi 18 hadi 21. Ukivuka milima kwa gari, mwendo wa nusu saa hivi, unafika Kommetjie kwenye Atlantiki, na siku hiyo hiyo unaweza kukuta maji ya nyuzi 11. Kinachofanya hivyo ni upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kwa nguvu majira hayo. Husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana Atlantiki ya Cape Town inaweza kuwa baridi zaidi jua linapowaka kuliko katikati ya majira ya baridi. Mgeni anayetazama mbingu ndipo achague suti, badala ya kuulizia joto la maji ya ufuo anaoendea, atapotea.

Sasa suti yenyewe inafanya kazi gani? Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, hivyo mwili ulio uchi majini hupoteza joto upesi sana. Wengi huamini kwamba wetisuti hupasha kwa kunasa maji kidogo karibu na ngozi, maji hayo yakapata joto na kumlinda mvaaji. Maji hayo yapo kweli, lakini kinga si hayo. Kinga ni neopreni, mpira uliojaa viputo vidogo vya gesi, kila kimoja kimefungwa peke yake. Gesi hupitisha joto kwa shida, na ndiyo inayozuia joto lako lisitoke. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: kama viputo vimo ndani ya kitambaa chenyewe, mvaaji halazimiki kubaki mkavu. Anaweza kulowa na bado akawa na joto, mradi maji yaliyoingia yakae palepale.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha makala haya, na nitalirudia baada ya kusema machache kuhusu unene.

Suti huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 3/2 au 4/3. Namba ya kwanza ni milimita za kiwiliwili, ya pili ni za mikono na miguu. Mikono hupewa mpira mwembamba kwa sababu mpira mnene huchosha mabega, hasa kwa anayepiga makasia kwa viganja akiwa amelala juu ya ubao. Kwa maji ya nyuzi 18 hadi 21, kama ya Muizenberg wakati wa kiangazi, 3/2 inawatosha wengi. Yakishuka hadi 14 au 15, chukua 4/3. Kwenye nyuzi 10 hadi 13 unahitaji 5/4, pamoja na kofia na soksi nene za neopreni, na wengi huongeza glavu.

Namba hizo ni za mtu anayejishughulisha. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto, na mtelezaji wa mawimbi hupiga makasia karibu muda wote. Mwenye snokeli huelea akitazama chini, mwili umetulia na uso umo majini. Ndiyo maana wanaokwenda kuogelea na sili karibu na Hout Bay kwa kawaida huvalishwa suti ya milimita 5 yenye kofia, hata kama mtelezaji aliye kwenye maji ya joto hilo hilo amevaa 4/3. Na akiwa na tabia ya kupiga mbizi kidogo, kuna jambo jingine: viputo vya gesi hubanwa na uzito wa maji. Kwenye kina cha mita 10 gesi hubaki na nusu tu ya ujazo wake, na suti iliyokuwa nene juu huwa nyembamba pale chini, kisha hurudia unene wake unapopanda.

Turudi kwenye maji yaliyomo ndani ya suti. Tuseme dada mmoja aliyehamia kutoka Mombasa amenunua 5/4 ya saizi moja kubwa kuliko yake, kwa kuona kwamba ile iliyomshika ilimbana mno alipoijaribu. Anakwenda Kommetjie, maji nyuzi 12. Mgongoni, pale kiuno kinapoingia ndani, suti yake haigusi ngozi. Hapo pana nafasi, na nafasi hiyo inajaa maji. Mwili wake unayapasha polepole hadi karibu nyuzi 32, kisha wimbi linampiga, maji yale yanasukumwa nje kupitia shingoni na mengine baridi yanaingia.

Hesabu ni rahisi. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 12 hadi 32 kunahitaji kilojuli 84 hivi. Mwili uliopumzika huzalisha joto la wati 100 kwa makadirio, yaani lita hiyo moja imekula joto lote la dakika 14. Kama nusu lita inabadilishwa kila baada ya dakika 5, zaidi ya joto lote ambalo mwili wake ungezalisha akiwa ametulia linakwenda kupasha maji yanayotoka nje, kabla hata hatujahesabu joto linalopita kwenye mpira wenyewe. Milimita 5 alizozilipia hazina la kufanya hapo. Suti ya 4/3 inayomshika vizuri ingemweka majini muda mrefu zaidi, na mabega yake yangepumua.

Kwa hiyo jaribu suti dukani kwa makini, na usione haya kuchukua muda. Vaa ikiwa kavu na wewe mkavu, ukianza na miguu, ukipandisha mpira kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Kucha huupasua. Mfuko wa plastiki mguuni husaidia kupitisha kifundo. Hakikisha sehemu ya juu ya mapaja imepanda hadi mwisho kabla hujavaa mikono, maana suti iliyoachwa chini hapo huvuta mabega, na mvaaji hudhani saizi ni ndogo.

Ukishafunga zipu, simama na umwombe mtu ajaribu kufinya mpira kwenye kishimo cha mgongo. Akipata mkunjo wa kushika mkononi, suti inapwaya. Angalia vilevile kwapani, nyuma ya magoti na shingoni. Kisha inua mikono juu na uchuchumae. Suti nzuri huhisi kama inakubana kwa usawa mwili mzima, na bado unaweza kuvuta pumzi hadi kifua kijae. Kumbuka kwamba mpira hulegea kidogo ukilowa, kwa hiyo ile inayokaa kwa raha kamili dukani ikiwa kavu huenda ikawa kubwa baharini.

Kubana kuna mpaka wake pia. Mpira unaovutwa sana huwa mwembamba, hivyo suti ndogo mno inakupunguzia unene ulionunua. Ikikaba kifua, huwezi kupumua sawasawa, na hilo ni la hatari kwenye maji baridi, ambako dakika za kwanza mtu hutweta bila kutaka. Ganzi ya vidole wakati mwili mwingine una joto inaweza kutoka kwenye ncha za mikono zilizobana kupita kiasi. Mwenye kifua kipana na kiuno chembamba, au nyonga pana na mabega madogo, asilazimishe suti ya kampuni moja. Vipimo hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, na suti za wanawake hukatwa kwa umbo jingine. Kama hakuna inayokaa, kuna mafundi wanaoshona kwa vipimo vya mwili.

Majini suti yenyewe itakuonyesha kasoro ilipo. Baridi inayoteremka kwenye uti wa mgongo kila wimbi linapokupiga inatoka shingoni au kwenye zipu ya nyuma. Suti zenye zipu ya kifuani hupitisha maji kidogo kuliko zenye zipu ya nyuma. Ukihisi maji yakifyonzwa na kusukumwa kiunoni kila unapojikunja, ni kile kishimo cha mgongo. Mikono ikivimba kwa maji unapotoka, ncha zake ni pana. Na ukihisi vijito vyembamba mahali ambapo suti inashika vizuri, tazama mishono. Suti za maji ya vuguvugu hushonwa kwa sindano inayotoboa pande zote mbili, na kila tundu hupitisha maji. Za maji baridi hugundishwa kwanza, kisha uzi hupitishwa bila kutoboa hadi upande wa pili.

Wanaonunua mitumba, na ni wengi kwa sababu suti mpya ni ghali, wasiamini namba iliyoandikwa kifuani. Viputo hufa kwa jua, kwa kukunjwa na kwa miaka, na suti ya 4/3 iliyochoka huwa imepungua unene bila lebo kubadilika. Bonyeza mpira kwa kidole gumba mgongoni na magotini: ulio hai hurudi mara moja, uliochoka hubaki na alama au huwa mgumu kama gome. Vuta mishono ya kwapani na ya makutano ya mapaja ukiiweka mbele ya taa. Ukiona mwanga unapita, mwombe muuzaji apunguze bei ya ukarabati, au mrudishie suti yake.