Uliacha Nini? Jinsi Meneja wa Bidhaa Anavyojieleza kwa Ofisa Ajira

Ofisa ajira wa kampuni ya simu au ya mikopo ya mtandaoni mara nyingi hajawahi kuandika programu hata moja. Amesomea utawala, na mezani kwake siku hiyo hiyo kuna nafasi ya mhasibu, ya dereva na ya meneja wa bidhaa. Hata hivyo yeye ndiye anayeamua nani aitwe kwenye usaili na nani aishie kwenye faili. Wasifu ukimwambia kwamba mwombaji "aliongoza mkakati wa bidhaa kwa kushirikiana na wadau mbalimbali", hajui amsogeze mbele au amwache, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kuandikwa na yeyote.

Ugumu huo unatokana na kazi yenyewe. Meneja wa bidhaa haandiki programu, hachori muonekano wake wala haendi kuiuza. Kazi yake ni kuamua kipi kitengenezwe kwanza, kipi kisubiri na kipi kiachwe kabisa, kisha kujibu maswali matokeo yakitoka. Fundi seremala ana kabati la kuonyesha. Meneja wa bidhaa ana maamuzi tu. Kwa hiyo anapojieleza inambidi aseme mambo matatu: alikuwa na njia zipi, alitoa nini ili kupata nini, na kilitokea nini baada ya uzinduzi.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni M-Pesa, kwa sababu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaitumia bila kujua chochote kuhusu mitambo yake.

Mikopo iliyoachwa

Mwezi Oktoba 2005 majaribio ya M-Pesa yalianza Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wapatao 500 na mawakala wanane. Waliouongoza mradi kutoka Vodafone ya Uingereza, mwanahisa mkubwa wa Safaricom, walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Wakati huo lengo halikuwa kutuma pesa. Wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu wangepokea mikopo yao na kulipa marejesho kwa simu, na fedha zingehifadhiwa katika Benki ya Biashara ya Afrika.

Majaribio yakaonyesha mambo mawili. La kwanza, mahesabu ya mfumo mpya hayakuoana kwa urahisi na mahesabu ya taasisi ya mikopo, ambayo uendeshaji wake ulijengwa juu ya vikundi na mikutano ya wanachama. La pili, wateja walianza kuitumia huduma kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao, wengine waliweka mauzo ya siku kwenye simu ili wasilale na fedha taslimu, na wapo waliowalipia wenzao marejesho.

Timu ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kuirekebisha huduma ya mikopo mpaka ikae sawa, au kuiacha na kuingia sokoni na jambo moja tu, yaani kutuma pesa nyumbani. Ikachagua ya pili, na M-Pesa ikazinduliwa Kenya nzima Machi 2007.

Meneja wa bidhaa angeweza kumweleza ofisa ajira uamuzi wa namna hii hivi: "Tulitengeneza huduma ya kulipa mikopo. Majaribio yalionyesha kwamba wateja wanataka zaidi kutumiana pesa. Tuliacha mikopo. Tulipoteza vikundi vya wateja waliokuwa tayari, tukapata huduma ambayo mtu anaielewa bila kuitiwa semina." Hakuna neno la kiufundi hapo, na bado msikilizaji anajua njia zilizokuwepo na gharama ya njia iliyochaguliwa.

Gharama inayosemwa wazi

Sehemu hiyo ya gharama ndiyo waombaji wengi huiruka. Wanadhani kutaja walichopoteza kutawashusha, kumbe msikilizaji asipoambiwa kilichopotea hawezi kujua kama palikuwa na uamuzi wowote. Mambo mawili zaidi ya M-Pesa yanaonyesha gharama inavyoweza kusemwa.

La kwanza ni mahali pa kuweka menyu. Njia moja ilikuwa kuiweka ndani ya laini ya simu yenyewe. Nyingine ilikuwa kumpa mteja namba zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, kama *150*00# inayotumika Tanzania. Menyu ya ndani ya laini hufanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, na ujumbe wa muamala husafiri ukiwa umefungwa kwa siri. Gharama yake ni kwamba mteja mwenye laini ya zamani hana budi kuibadilisha kwanza. Njia ya nyota na reli haimbadilishii mtu laini, lakini mawasiliano yakikatika katikati ya safari mteja huanza upya. Kenya ilianza na menyu ya ndani ya laini, na kampuni ikabeba mzigo wa kuwabadilishia watu laini.

La pili ni bei. Kujisajili kulikuwa bure, na kuweka pesa kulikuwa bure pia, ingawa wakala alilipwa kamisheni kwa kazi hiyo. Kampuni ilikubali kutumia fedha pale mteja anapoingia ili ipate mapato pale anapotuma na kutoa. Mwanzoni kumtumia mtu aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30 za Kenya, na yeye alipotoa kiasi kidogo alikatwa 25, jumla 55. Kumtumia asiyesajiliwa kulianzia shilingi 75, na huyo alitoa bure. Mtumaji alikuwa na sababu ya kumhimiza mama yake kijijini ajisajili. Ofisa ajira hahitaji kujua mfumo wa malipo ili aone akili ya bei hiyo. Anatosha kuonyeshwa 55 na 75.

Namba za uzinduzi

Kabla mwaka 2007 haujaisha, waliojisajili M-Pesa Kenya walikuwa wamepita milioni moja. Ni namba ya kuvutia, lakini meneja wa bidhaa makini hasimamii hapo. Aliyejisajili anaweza kuwa amejaribu mara moja akaacha. Namba yenye uzito zaidi ni ya watumiaji hai, yaani waliofanya angalau muamala mmoja ndani ya kipindi kilichotajwa, kwa mfano siku 30. Mwombaji akitaja "watumiaji" bila kusema ni wa aina gani, ofisa ajira ana haki ya kumuuliza.

Swali la pili ni hili: matokeo hayo yaliletwa na uamuzi au na hali iliyokuwepo? Tanzania inasaidia kulijibu. Vodacom ilizindua M-Pesa Aprili 2008, kwa jina lile lile. Baada ya takriban miezi 14 wateja wake walikuwa chini ya laki tatu, ilhali Kenya katika umri huo ilikuwa imepita milioni mbili. Safaricom iliishika sehemu kubwa sana ya soko la Kenya, hivyo mtumaji na mpokeaji mara nyingi walikuwa wateja wa kampuni moja. Tanzania soko liligawanywa kati ya kampuni kadhaa. Nchi pia ni kubwa zaidi na watu wametawanyika, kwa hiyo wakala wa kijijini alikuwa mbali na mahali pa kupata floti na fedha taslimu. Vodacom iliendelea kuijenga mpaka M-Pesa ikawa huduma kubwa Tanzania nako, lakini njia yake ilikuwa ndefu zaidi.

Kwa mtu anayejieleza, maana yake ni kwamba matokeo yasimuliwe pamoja na upepo uliosaidia. Meneja anayesema "tulikuwa tayari na mtandao wa wauza vocha nchi nzima, kazi yangu ilikuwa kuwafanya wakubali kuwa mawakala" anaaminika kuliko anayejitwalia milioni nzima.

Kuiandika ya kwako

Wengi hawajawahi kuzindua kitu cha ukubwa huo, na si lazima. Tuchukue mfano wa kutunga wa programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo. Kwenye wasifu mwombaji ameandika: "Niliboresha mchakato wa usajili na kuongeza ufanisi kwa asilimia 75." Asilimia hiyo haisemi lolote, kwa sababu kutoka watu 4 hadi 7 ni asilimia 75, na kutoka laki nne hadi laki saba ni hiyo hiyo.

Habari hiyo hiyo ingeandikwa hivi: "Kati ya kila watu 100 walioanza kujisajili, 40 ndio walimaliza. Wengi walikwama kwenye kupiga picha kitambulisho. Nilipendekeza mteja aanze bila picha, ila asitume zaidi ya shilingi 50,000 kwa siku mpaka alete kitambulisho. Idara ya usalama ilihofia akaunti za majina ya uongo. Miezi miwili baadaye waliomaliza walifika 70 kati ya 100, lakini akaunti za uongo nazo ziliongezeka, tukashusha kikomo hadi 20,000."

Aya hiyo inataja tatizo kwa hesabu ya watu, inaonyesha nani alipinga na kwa nini, na haifichi madhara. Pia inasema "nilipendekeza" pale wazo lilipokuwa la mwombaji na "tukashusha" pale uamuzi ulipokuwa wa timu. Kama mwajiri wa zamani haruhusu takwimu zake zitoke nje, uwiano unatosha: wanne kati ya kumi wakawa saba kati ya kumi. Idadi ya wateja na mapato hubaki siri.

Uzinduzi ulioanguka nao unafaa kusimuliwa, mradi msimulizi aseme alijuaje kwamba umeanguka. "Watu hawakuipenda" haitoshi. "Waliofungua akaunti wiki ya kwanza, ni mmoja kati ya kumi aliyerudi mwezi uliofuata, tukaifunga na kuwahamishia mafundi kwenye huduma ya malipo" ni jibu la mtu aliyekuwa anaangalia.

Kwa maofisa ajira, maswali manne yanatosha kumpima mwombaji bila kujua teknolojia. Uliacha nini ili ufanye hilo? Nani alipinga, na hoja yake ilikuwa ipi? Usingefanya kitu, ingekuwaje? Namba hizo zilisimama wapi baada ya miezi sita? Aliyefanya kazi mwenyewe hujibu kwa visa na hesabu. Aliyekuwa mpita njia hurudi kwenye maneno makubwa.

Kwa mwombaji: chagua uamuzi mmoja, uandike kwa sentensi tano, kisha mpe mtu asiye wa fani yako ausome mara moja na akusimulie bila karatasi. Akikosea gharama au matokeo, andika upya. Ofisa ajira naye atakwenda kukusimulia kwa bosi wake kwa kumbukumbu tu, na atakachokumbuka ndicho kitakachokufikisha kwenye usaili.