Saa Tatu Asubuhi ya Kila Mahali

Arifa inayotakiwa kumfikia kila msomaji saa tatu asubuhi, popote alipo, haiwezi kutumwa kwa mkupuo mmoja. Saa tatu ya siku hufika kwanza Kiritimati, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kilicho mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa saa 14. Kisha huzunguka dunia hadi Pago Pago, Samoa ya Marekani, iliyo nyuma kwa saa 11. Mzunguko huo ni wa saa 25, kwa hiyo Kiritimati hupata arifa ya kesho saa nzima kabla Pago Pago hawajapata ya leo.

Mfano ni programu ya simu ya kusoma habari, iliyotengenezwa Dar es Salaam na yenye wasomaji huko, Muscat, London na Toronto. Seva ikituma arifa moja kwa wote saa tatu asubuhi ya Dar, Muscat wataipata saa nne. Wakati wa baridi, London wataipata saa kumi na mbili alfajiri, na Toronto simu italia saa saba usiku. Mtu aliyeamshwa hivyo mara mbili huzima arifa zote, na hazirudishi tena.

Dawa ya kwanza inayomjia fundi ni kuandika tofauti ya saa ya kila msomaji: Dar +3, Muscat +4, London 0, Toronto -5. Hapo ndipo kosa linapojificha. Tanzania haisogezi saa mwaka mzima, na Oman vilevile, hivyo fundi anayejaribu kazi yake kwenye simu ya mezani pake ataona kila kitu kiko sawa. London haiko hivyo. Jumapili ya Machi 29, 2026, saa za huko husogezwa mbele kwa saa moja, na kuanzia asubuhi hiyo arifa iliyofungwa kwenye 09:00 UTC huwafikia watu saa nne. Toronto huwa imeshasogeza saa zake tangu Machi 8. Kwa wiki tatu, basi, mmoja amehama na mwingine bado.

Kinachopaswa kuhifadhiwa ni kanuni yenyewe: jina la ukanda na saa inayotakiwa. Majina hayo, kama `Africa/Dar_es_Salaam` na `Europe/London`, yamo katika hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA na kutumiwa na kompyuta nyingi. Kompyuta ikishapewa jina na tarehe, hutafuta jibu yenyewe:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo
t = datetime(2026, 3, 30, 9, 0, tzinfo=ZoneInfo("Europe/London"))
print(t.astimezone(ZoneInfo("UTC")))
# 2026-03-30 08:00:00+00:00
```

Jibu hilo hukokotolewa kwa arifa moja tu inayofuata. Kukokotoa ya mwaka mzima ni kujitafutia taabu, maana serikali hubadili mawazo: Misri, iliyokuwa imeacha kusogeza saa, ilirudia desturi hiyo Aprili 2023. Seva ambayo hifadhidata yake haikusasishwa ilibaki na saa ya zamani.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kila robo saa, seva huuliza ni nani ambao muda wao umefika, huwatumia, kisha huwapangia wa kesho. Robo saa si namba ya kubahatisha: India iko mbele kwa saa 5 na dakika 30, na Nepali kwa saa 5 na dakika 45. Seva inayoamka mara moja kwa saa ingewachelewesha hao kila siku.

Kila arifa iliyotumwa huandikwa pamoja na tarehe ya mahali alipo msomaji, na mtu mmoja haruhusiwi arifa mbili za tarehe moja. Sharti hilo humfaa msafiri. Aliyesoma yake Dar asubuhi kisha akaruka usiku hadi London hupata ya siku mpya tu, hata seva ikizimika na kuwashwa katikati ya kazi.

Simu iliyozimwa ni jambo jingine. FCM, huduma ya Google ya kupeleka arifa, huweza kushikilia ujumbe hadi wiki nne ikiwa haikuwekewa kikomo, na salamu ya asubuhi ikaja kutokea usiku wa manane. Kuweka `ttl` ya sekunde 3600 huitupa arifa iliyopitwa na saa moja, na kwa habari za asubuhi hiyo inatosha.

Ili kujua kama kazi imekwenda sawa, seva hurekodi saa ya mahali ambako kila arifa ilitumwa. Jumatatu ya Machi 30 safu ya London ikionyesha 10:00 badala ya 09:00, ujue kuna mahali palipoandikwa tofauti ya saa badala ya jina la ukanda. Mtihani unaofuata ni Oktoba 25, London inaporudisha saa nyuma, na wiki moja baadaye, Novemba 1, ni zamu ya Toronto.