Kwa Nini Ratiba ya Lori Huishinda Kompyuta

Kutafuta njia fupi kati ya sehemu mbili ni kazi iliyopatiwa ufumbuzi zamani. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha mbinu aliyoibuni miaka mitatu kabla, akifikiria safari ya kutoka Rotterdam hadi Groningen. Kompyuta huanzia mahali pa kuondokea, husogea hadi makutano ya barabara yaliyo karibu zaidi, kisha yanayofuata, na kwa kila makutano huweka namba moja tu: umbali mfupi wa kufika hapo. Njia mbili zikifika makutano yaleyale, ndefu hutupwa. Hutupwa bila wasiwasi, kwa kuwa safari iliyobaki ni ileile bila kujali gari limepitia wapi. Ndiyo maana simu ya mkononi huonyesha njia ya kuvuka mji mzima kufumba na kufumbua.

Mwaka huohuo wa 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha makala kuhusu malori yanayotoa petroli kwenye bohari moja na kuipeleka kwenye vituo vingi. Swali lao linafanana na la Dijkstra kwa sura tu. Likiongezewa saa za kupokea mzigo, yaani kila mteja ana saa ya kufungua na saa ya kufunga mlango, linakuwa gumu kupita kiasi.

Tuchukue lori moja linaloondoka ghalani saa 2:00 asubuhi kwenda dukani, hospitalini na shuleni. Vituo hivi vimekaa kwa mduara kwa mpangilio huo: ghala, duka, hospitali, shule, kisha ghala tena, kila kimoja dakika 15 kutoka kinachofuata. Kukatiza katikati, ghala hadi hospitali au duka hadi shule, ni dakika 25. Kushusha mzigo huchukua dakika 10. Hospitali hupokea hadi saa 2:45, shule kati ya saa 2:30 na 3:00, duka kati ya saa 3:00 na 3:30.

Njia fupi iko wazi: kufuata mduara, dakika 60 za barabarani. Lakini haiwezekani. Lori likianza dukani litafika saa 2:15 na kusubiri hadi saa 3:00, na hapo hospitali imeshafunga. Likizunguka kinyume litasubiri shuleni hadi saa 2:30, litaondoka saa 2:40 na kufika hospitalini saa 2:55, limechelewa dakika 10. Kati ya mipangilio sita iliyopo, unaofaa ni mmoja: hospitali saa 2:25, shule saa 2:50, duka saa 3:25. Lori linakata mduara mara mbili na kutumia dakika 80 barabarani. Sasa aongezwe mteja wa nne, zahanati inayofunga saa 2:50, iliyo dakika 10 kutoka hospitali, 12 kutoka shule na 30 kutoka ghala, na ambayo mzigo wake hushushwa kwa dakika 5. Ikiwekwa baada ya hospitali, shule inafikiwa saa 3:02. Mipangilio mingine nayo yote inakwama. Dakika mbili tu zimedai gari la pili na dereva wa pili.

Hapo ndipo hila ya Dijkstra inapovunjika. Lori lililofika shuleni moja kwa moja linaondoka saa 2:40. Lililopitia hospitalini linaondoka saa 3:00. Je, la pili litupwe kwa kuchelewa? Hapana, kwa kuwa limekwisha kumhudumia mteja ambaye la kwanza halitamuwahi. Namba moja haitoshi tena; kompyuta inabidi ikumbuke saa, mzigo uliobaki na orodha ya waliokwisha kuhudumiwa. Kwa wateja 20, makundi ya namna hiyo hupita milioni moja, na hilo bado linawezekana. Kwa wateja 50 hupita trilioni 1,000, na bado hatujauliza nani apewe gari lipi.

Mwaka 1985 Martin Savelsbergh alionyesha jambo la kukatisha tamaa zaidi: hata kwa gari moja, kujua tu kama upo mpangilio wowote unaowahi saa zote ni miongoni mwa maswali ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyajibu kwa kila hali. Katika matatizo mengine ya usafirishaji, kupata jibu baya ni rahisi. Ugumu ni kuliboresha. Hapa hata jibu baya linaweza kukosekana.

Kwa hiyo wapangaji wa safari hawasubiri jibu bora. Programu zao huanza kwa kumchomeka kila mteja pale anapoongeza gharama kidogo bila kumchelewesha mwingine. Kisha huwatoa wateja kadhaa waliokaribiana, huwachomeka upya, hulinganisha, hurudia maelfu ya mara. Kosa hujificha kwenye kusubiri: ratiba yenye kilomita chache inaweza kuwa na lori lililoegeshwa mlangoni kwa dakika 45, kama lile lililowahi dukani, na anayetazama kilomita peke yake hataliona. Ili kupima ubora wa ratiba, baadhi ya masharti hulegezwa na gharama kukokotolewa upya. Ratiba halali haiwezi kushuka chini ya gharama hiyo. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloonyesha ni kiasi gani, kwa juu kabisa, kinachoweza kuokolewa bado.