Safari ya Basi, Kampala hadi Nairobi

Basi letu lilipaswa kuondoka Kampala saa moja jioni. Liliondoka saa tatu, wala hapakutolewa sababu. Viti vilikuwa vipana na safi, ila sisi tulioketi juu ya magurudumu ya nyuma tulitikiswa usiku kucha.

Mpakani Busia tulifika saa nane. Hapo abiria huteremka na pasi zao, na mizigo hushushwa ili ikaguliwe na watu wa forodha. Utingo alikuwa ameandika namba za viti juu ya mizigo kwa chaki, mvua ikazifuta. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alikuta sanduku lake lenye sare za shule za wanawe limekwisha chukuliwa. Kwa kuwa hakupewa stakabadhi, hakuwa na la kuonyesha.

Mbele ya mpaka basi likaharibika, tukakaa kando ya njia saa tano. Dereva alitugawia maji, akasimamisha basi jingine kwa ajili ya wazee na watoto. Kwa hilo twamshukuru.

Ndugu msafiri, kabla ya kupanda dai kipande chenye namba mbili zilizo sawa: moja ifungwe mzigoni, ya pili ibaki mfukoni mwako. Na mpakani, usiuache mzigo mpaka urudishwe ndani ya basi.